Mvua Iliyotembea Kurudi Nyumbani

"Walking home, the rain started." Msomaji yeyote huielewa sentensi hii ya Kiingereza papo hapo: kuna mtu alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu, mvua ikaanza. Hata hivyo mhariri makini wa Kiingereza hairuhusu ipite, kwa kuwa kisarufi inasema kwamba iliyokuwa ikitembea ni mvua yenyewe.

Kosa hili ni la zamani, na halikuwaacha waandishi wakubwa. Katika tamthilia ya Hamlet, mzimu wa mfalme unaeleza uvumi uliotangazwa kwamba aliumwa na nyoka akiwa amelala bustanini. Shakespeare aliyapanga maneno kwa namna ambayo, ukiyafuata kisarufi, aliyelala ni nyoka.

Kwa mtu aliyekulia katika Kiswahili, mtego huu ni mgumu kuuona, na sababu iko ndani ya vitenzi vyetu. Tunaposema "Nilipokuwa narudi nyumbani, mvua ilianza", silabi ile ya mwanzo, "ni", imekwisha kumtaja anayerudi. Mvua inaweza kuingia baada ya mkato bila kumnyang'anya mtu miguu yake. Kitenzi cha Kiingereza chenye mwisho wa "-ing" hakina alama kama hiyo. "Walking" inaweza kuwa mimi, wewe, wao au ng'ombe. Kwa hiyo Kiingereza kimejiwekea kanuni: kirai cha namna hiyo kikitangulia bila kumtaja mtendaji, mtendaji wake ni kiima cha kishazi kikuu kinachofuata. Katika sentensi yetu kiima hicho ni "the rain".

Ziko pia nyakati ambapo Kiswahili chenyewe humficha mtendaji. "Baada ya kufika nyumbani, mvua ilianza" ni sentensi inayosikika kila siku, na "kufika" haisemi ni nani aliyefika. Anayeihamisha ilivyo anapata "After arriving home, the rain started", na kosa ni lile lile.

Kulipima ni rahisi. Soma kirai cha mwanzo, uliza "nani?", kisha ruka mkato na utazame kiima. Kama jibu na kiima havilingani, kirai hakina mwenyewe.

Kutengeneza kuna njia mbili, na hazitoi maana moja kamili. Njia ya kwanza ni kubadili kiima: "Walking home, I was caught in the rain." Sasa baada ya mkato yupo "I", na ndiye aliyetembea. Lakini habari nayo imehama. Sentensi inahusu mtu aliyenyeshewa, wakati ya awali ilihusu kuanza kwa mvua. Mwandishi anayetaka mvua ibaki kuwa tukio kuu atumie njia ya pili, yaani kukifanya kirai kiwe kishazi chenye kiima chake: "As I was walking home, the rain started." Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na "nilipokuwa narudi", na kwa Mswahili huwa ndiyo salama zaidi.

Majaribio mengine hayasaidii, ingawa yanavutia. Kuongeza neno moja tu, "While walking home, the rain started", hakuleti mtendaji. "Walking home, my clothes got wet" hudanganya zaidi, kwa sababu ndani ya "my" anaonekana mtu. Lakini kiima ni nguo, na nguo hazikutembea. Kupeleka kirai mwishoni ndiko kubaya kuliko yote: "The rain started walking home" inatamka waziwazi kwamba mvua ilianza safari.

Katika ripoti za ofisini na za maabara, chanzo kikubwa ni kauli ya kutendwa. Chukua "Having checked the samples, the results were recorded." Nani alikagua sampuli? Kiima ni matokeo, na aliyefanya kazi amefutwa kabisa. Ukimrudisha, "Having checked the samples, we recorded the results", kosa linaondoka.

Si kila "-ing" ya mwanzo inahitaji kuguswa. Katika "Judging by the clouds, it will rain tonight", hakuna anayedhani kwamba mvua ndiyo inayoyapima mawingu. "Judging by", "considering" na "generally speaking" zimezoeleka kiasi kwamba Waingereza huzichukua kama viunganishi au maneno ya msemaji anayeitoa habari, na wahariri wengi huziacha zilivyo. "Walking" haijapata ruhusa hiyo, kwa sababu kutembea bado kunahitaji mtu mwenye miguu.