Seli 205 Zinasema Nini Kuhusu Seli Milioni 100?

Hamira ikioteshwa usiku kucha kwenye chupa yenye sukari na virutubisho, mililita moja tu ya kimiminiko hicho inaweza kuwa na seli milioni 100. Hakuna awezaye kuzihesabu zote. Hata hivyo, anayetaka kuchukua sehemu ya hamira hiyo aanzishie chupa nyingine lazima ajue ukolezi wake, yaani seli ngapi zimo katika kila mililita. Akikisia, mara hii atapanda seli chache mno, mara nyingine atapanda nyingi mno, na hatajua kwa nini chupa zake hazikui sawasawa.

Kifaa cha kazi hiyo ni hemositomita. Kilibuniwa kwa ajili ya kuhesabu seli za damu, lakini kinafaa pia kwa hamira. Wanafunzi wengi hukijua kupitia fomula ya kukariri: hesabu, zidisha, andika jibu. Fomula hiyo ni sahihi, ila haisemi jibu linaaminika kiasi gani. Tuifuate hesabu moja ya hamira tangu mwanzo, tuone jambo hilo linapimwaje.

Hemositomita ni kipande kinene cha kioo chenye mistari myembamba iliyochorwa katikati, isiyoonekana vizuri bila hadubini. Katika aina inayotumika sana, iitwayo Neubauer iliyoboreshwa, mistari hiyo inafanya miraba mikuu tisa, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita 1 na urefu wa milimita 1. Mraba mkuu wa katikati umegawanywa katika miraba 25, na kila mmoja wa hiyo 25 umegawanywa tena katika midogo 16. Jumla ni miraba midogo 400.

Mistari peke yake hupima eneo tu. Kinacholigeuza eneo kuwa ujazo ni kina. Sehemu iliyochorwa imeshushwa kidogo kuliko kingo mbili zilizo pembeni yake, na kifuniko cha kioo hukaa juu ya kingo hizo. Kati ya kifuniko na mistari hubaki nafasi ya milimita 0.1. Kwa hiyo, kimiminiko kilicho juu ya mraba mkuu mmoja kina ujazo wa 1 × 1 × 0.1, yaani milimita za ujazo 0.1, ambazo ni sawa na mililita 0.0001. Ukijua seli zilizomo katika ujazo huo mdogo, umejua za mililita nzima kwa kuzidisha mara 10,000.

Ndiyo sababu kifuniko chake ni kinene kuliko vile vya kawaida vya slaidi. Kifuniko chembamba hupinda, na kikipinda, kina hubadilika. Kikikandamizwa vizuri juu ya kingo zilizo safi, pale vioo vinapogusana huonekana duara au michirizi yenye rangi za upinde wa mvua. Rangi hizo ni dalili kwamba kimekaa panapostahili. Chembe ya vumbi ikikiinua kidogo tu, kina kikawa milimita 0.12 badala ya 0.1, kila jibu litazidi ukweli kwa asilimia 20, na hakuna kitu kwenye hadubini kitakachokuonya.

Sasa tuchukue hamira yetu. Kwanza chupa itikiswe vizuri, kwa kuwa seli za hamira huzama chini haraka. Ikichotwa bila kutikiswa, ukolezi utakaopimwa ni wa tabaka moja tu la chupa. Kisha kimiminiko kizimuliwe, maana kikiwekwa kama kilivyo, seli zitarundikana na hazitahesabika. Tunachukua mililita 1 ya hamira na kuiongeza kwenye mililita 4 za maji safi. Hapo tumezimua mara 5. Baada ya hapo tunachanganya kiasi fulani cha mchanganyiko huo na kiasi kilekile cha rangi ya bluu ya methilini. Seli hai huiondolea rangi hiyo ubluu wake, hivyo hubaki nyeupe. Zilizokufa hushindwa, zikabaki za bluu. Rangi nayo imezimua mara 2, na hilo ndilo watu husahau mara nyingi kuliko yote. Uzimuaji wote ni 5 × 2, yaani mara 10.

Ncha ya pipeti yenye mikrolita 10 hivi inagusishwa ukingoni mwa kifuniko, na kimiminiko kinavutwa ndani chenyewe mpaka kijaze sehemu ya mistari. Kikifurika hadi kwenye mifereji ya pembeni au kikiacha kiputo cha hewa, kioo kioshwe na kazi ianze upya. Kikiingia sawasawa, tunasubiri dakika moja au mbili ili seli zitulie chini, zote zionekane kwa pamoja hadubini inapolengwa.

Kati ya ile miraba 25, tunahesabu mitano: minne ya pembeni na mmoja wa katikati. Kanuni mbili zinapaswa kuamuliwa kabla ya kuanza. Ya kwanza inahusu seli zinazogusa mstari wa mpaka. Tunazihesabu zinazogusa mstari wa juu na wa kushoto, na kuziacha zinazogusa wa chini na wa kulia. Bila kanuni hiyo, seli iliyolala mpakani itahesabiwa mara mbili au isihesabiwe kabisa. Ya pili inahusu machipukizi, kwa kuwa hamira huzaliana kwa kuchipua. Chipukizi lililo dogo kuliko nusu ya mama yake huhesabiwa pamoja naye kama seli moja. Likifika nusu au kuzidi, ni seli ya pili.

Tuseme tumepata seli 42, 35, 44, 38 na 46. Jumla ni 205, kati yake 20 zikiwa za bluu. Hesabu inakwenda hivi:

```
Wastani kwa mraba:     205 ÷ 5 = 41
Mraba mkuu mzima:      41 × 25 = 1,025
Kwa mililita:          1,025 × 10,000 = 10,250,000
Kabla ya kuzimua:      10,250,000 × 10 = 102,500,000
Seli hai:              185 ÷ 205 = asilimia 90
```

Hamira ina seli milioni 102.5 kwa mililita, na zilizo hai ni kama milioni 92.5. Tukitaka kuanzisha lita 1 yenye seli hai milioni 1 kwa mililita, tunahitaji seli bilioni 1. Bilioni 1 ukiigawanya kwa milioni 92.5 unapata karibu mililita 11 za hamira yetu.

Wengi huishia hapo. Lakini namba 205 tumeipata kwa bahati ya tone moja. Tone jingine kutoka chupa ileile lingetoa 190 au 221, bila mtu yeyote kukosea. Aliyelichambua jambo hili kwa kina, tena kwa kutumia seli za hamira, ni William Gosset, mwanakemia na mwanahisabati aliyeajiriwa mwaka 1899 na kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin. Mwaka 1907 alichapisha makala kuhusu makosa ya kuhesabu kwa hemositomita, akitumia jina la kalamu "Student". Alihesabu seli katika miraba midogo yote 400, kisha akaangalia ni miraba mingapi haina seli, mingapi ina moja, mingapi ina mbili, na kuendelea.

Alionyesha kwamba seli zikiwa zimetawanyika ovyo, bila kushikana wala kukimbiana, mtawanyo wa hesabu hufuata kanuni moja: kiasi cha kuyumba kwa jumla ni kipeuo cha pili cha jumla yenyewe. Kipeuo cha pili cha 205 ni kama 14, sawa na asilimia 7. Kwa kawaida jibu hubaki ndani ya mara mbili ya kiasi hicho kila upande. Kwa hiyo kilichopimwa kweli si milioni 102.5 kamili, bali ni kitu kilicho kati ya milioni 88 na milioni 117. Mtu aliyehesabu seli 20 tu ana myumbo wa asilimia 22, na kumwongezea desimali hakumsaidii kitu. Tena, kuupunguza myumbo kwa nusu kunataka seli mara nne: badala ya 205, zihesabiwe 820.

Kanuni hiyohiyo inatupa njia ya kugundua kasoro. Linganisha hesabu yetu na nyingine yenye namba 12, 71, 30, 58 na 34. Jumla yake pia ni 205, na fomula itatoa jibu lilelile la milioni 102.5. Sasa chukua tofauti ya kila mraba na wastani wa 41, uizidishe kwa yenyewe, jumlisha zote tano, kisha gawanya kwa 4. Seli zilizotawanyika ovyo zinapaswa kutoa namba isiyo mbali sana na wastani wenyewe, yaani 41. Hesabu ya kwanza inatoa 20, na kwa miraba mitano tu hiyo ni tofauti ya kawaida. Ya pili inatoa 550, zaidi ya mara 13 ya inavyotarajiwa. Hapo si bahati tena. Huenda seli zimeshikana mafungu, mchanganyiko haukutikiswa, au kimiminiko kiliingia kwa kusukumwa kikazikusanya upande mmoja. Jibu hilo litupwe, na sampuli itayarishwe upya.

Kipimo hicho kina mipaka. Kinaona kutawanyika vibaya kwa seli ndani ya kioo, lakini hakioni kifuniko kilichoinuka wala pipeti iliyochota pungufu, kwa sababu makosa hayo huisogeza miraba yote kwa pamoja. Ndiyo maana kuhesabu mara mbili tone lilelile hakutoshi. Marudio yenye maana huanzia chupani: kuchota upya, kuzimua upya na kujaza upya.

Uchache wa seli nao ni mpaka. Zikiwa 100,000 tu kwa mililita, mraba mkuu mzima utakuwa na seli 10, na hata miraba mikuu yote tisa itatoa 90 tu. Bakteria nao ni wadogo mno kwa kina cha milimita 0.1, huelea juu na chini, nje ya upeo wa lenzi, na huhitaji kioo chenye kina kifupi zaidi.

Kwa hiyo, unapoandika ukolezi wa hamira kwenye daftari la maabara, usiandike jibu la mwisho peke yake. Andika pia hesabu ya kila mraba na kiasi ulichozimua. Anayeziona namba hizo anaweza kurudia mahesabu yote na kuamua mwenyewe kama aziamini. Anayeona milioni 102.5 tu hana njia ya kujua ilitokana na hesabu ya kwanza au ya pili.