Kupunguza Ikisiri Iliyopigwa Picha Hadi Idadi Kamili ya Maneno

Ikisiri ni muhtasari wa utafiti unaowekwa mwanzoni mwa makala au tasnifu, na majarida huiwekea kikomo cha maneno. Jarida la PLOS ONE, kwa mfano, halipokei ikisiri inayozidi maneno 300. Ikiwa nakala pekee iliyopo ni ya karatasi, huanza kupigwa picha, kisha maandishi yake hutolewa kwa programu kama Google Lens.

Maandishi hayo hayahesabiwi kabla ya kusafishwa. Neno lililokatwa mwishoni mwa mstari, kama "vya- ndarua", huhesabiwa kuwa maneno mawili. Nukta ya desimali nayo hupotea kirahisi, na 67.5% ikasomeka 675%.

Tuseme ikisiri ya utafiti wa vyandarua inaonyesha maneno 274, na kikomo ni 250. Matatu yanatokana na maneno yaliyokatwa. Yakiunganishwa, hubaki 271. Yanayopaswa kuondoka ni 21.

Kabla ya kukata, hupigiwa mstari yale yasiyoguswa: lengo, mbinu, idadi ya waliochunguzwa, matokeo makuu na hitimisho. Mkato wa kwanza huangukia usuli. Sentensi "Malaria bado ni miongoni mwa magonjwa yanayosumbua sana wananchi" ina maneno tisa, na msomaji wa jarida la afya haihitaji. Ikiondoka, yanabaki 12 ya kupunguza.

Hayo hupatikana ndani ya matokeo yenyewe, bila kugusa tarakimu. Sentensi ya awali ina maneno 29:

"Matokeo ya utafiti huu yalionyesha kwamba kati ya kaya 240 zilizofanyiwa uchunguzi, kaya 162 (67.5%) zilikuwa na vyandarua, lakini ni kaya 97 tu (40.4%) ambazo zilikuwa zinavitumia kila usiku."

Ikipunguzwa, inakuwa na maneno 17:

"Kati ya kaya 240, kaya 162 (67.5%) zilikuwa na vyandarua, lakini 97 tu (40.4%) zilivitumia kila usiku."

"Ambazo zilikuwa zinavitumia" imekuwa "zilivitumia", kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hubeba mengi katika neno moja. "Kaya" ya pili imeachwa makusudi, ili 240 na 162 zisigusane zikamchanganya msomaji.

Hatari kubwa iko kwenye maneno mafupi. "Tu" ikiondolewa, pengo kati ya kumiliki na kutumia hufifia. "Huenda" ikiondolewa kwenye hitimisho, dhana hugeuka kuwa uthibitisho.

Mwisho, kila tarakimu hulinganishwa na picha, na asilimia hukokotolewa upya: 162 kugawanya kwa 240 ni 0.675. Hesabu ya maneno hurudiwa kwa programu ileile itakayotumiwa na jarida, kwani Word huhesabu "p=0.03" kuwa neno moja, lakini "p = 0.03" kuwa matatu. Ikisiri yenye maneno 250 kamili na tarakimu moja isiyo sahihi bado haifai kutumwa.