Mali Iko Ghalani Lakini Bado Si Yako

Mwanachama wetu mmoja wa Wete ana nduguye aliyehamia bara zamani, naye sasa ana duka la jumla Kigonsera, katika njia itokayo Songea kwenda Mbinga. Huko ni nchi ya kahawa. Bwana huyo huwauzia wenye maduka madogo ya vijijini, na wengine wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi mpaka Mbamba Bay, mabomba ya kupulizia dawa, turubai za kuanikia na vyombo vingine vya shamba. Mwaka huu alitaka kuagiza mabomba moja kwa moja kutoka kiwanda cha Ujerumani, akaletewa ankara na nyuma yake karatasi iliyojaa maandishi madogo madogo, ndiyo masharti ya jumla ya mauzo. Aliituma kwa nduguye, na nduguye akaileta kwetu. Kwa kuwa wako wanachama wanaochangiana kuagiza turubai na mabomba kutoka ng'ambo, twaona yafaa kuyaeleza hapa yale tuliyomweleza yeye.

Neno lililomshangaza zaidi lilikuwa hili: kwamba mali itabaki kuwa milki ya muuzaji mpaka mnunuzi atakapokuwa amelipa yote. "Vipi?" aliuliza. "Nimetoa arbuni, nimelipa nauli ya meli, nimelipa ushuru wa forodha, mabomba yako ghalani kwangu na ufunguo ni wangu, kisha si yangu?"

Ndivyo hasa. Wajerumani wana sharti hili katika kitabu chao cha sheria, na wauzaji wao hawaliachi. Sheria ya Tanzania ya mauzo ya bidhaa nayo, ambayo imefuata ile ya Waingereza ya mwaka 1893, yamruhusu muuzaji kusema kwamba milki haitahama mpaka sharti fulani litimizwe. Basi asidhani mtu kwamba ni hila ya wageni isiyo na nguvu kwetu. Kupokea mzigo ni jambo moja, kumiliki ni jambo jingine. Mpaka deni liishe, mwenye duka ameshika mali ya mwenzake.

Lakini hapa pana kitu ambacho wengi hukipita bila kukiona. Milki imebaki Ujerumani, na hasara imekwisha kuhamia kwako. Karatasi ile ilisema kwamba hatari yote ni ya mnunuzi tangu mzigo upakiwe melini. Kwa kawaida ya sheria yetu hatari hufuata milki, ila watu wakipatana vingine, na hapa wamepatana vingine. Kwa hiyo mabomba yakilowa maji ya chumvi, au ghala la Kigonsera likiungua, deni liko pale pale. Ndiyo maana sharti jingine chini yake lilimtaka mnunuzi aikatie mali bima kwa gharama zake. Ni haki alipe bima hiyo, maana anayeilinda ni nafsi yake.

Sasa tuje kwenye malipo, maana milki na malipo zimefungwa kwa kamba moja. Tuchukue mabomba 200, kila moja yuro 40, jumla yuro 8,000. Masharti yalitaka arbuni ya asilimia 30, yaani yuro 2,400, na yuro 5,600 zilizobaki zilipwe katika muhula wa siku 60. Bwana wetu alifurahi, akaona miezi miwili ni nafasi ya kutosha ya kuuza. Tukamwuliza: siku 60 tangu lini? Alifikiri ni tangu mzigo umfikie. Maandishi yalisema ni tangu tarehe ya ankara.

Tuhesabu pamoja. Tuseme ankara imeandikwa tarehe 1 Septemba. Meli yaondoka Hamburg tarehe 8, nayo yachukua siku 40 baharini, basi yafika Dar es Salaam tarehe 18 Oktoba. Wakala wa forodha akifanya haraka, mzigo hukombolewa kwa siku 8, yaani tarehe 26. Lori kupitia Iringa, Njombe na Songea laingia Kigonsera tarehe 29 Oktoba. Muhula wa siku 60 unakwisha tarehe 31 Oktoba. Katika miezi miwili aliyopewa, mwenye duka amebakiwa na siku 2 za kuuza mabomba 200. Na meli haikosi kuchelewa.

Juu ya hayo, wateja wake hawalipi papo hapo. Wenye maduka ya vijijini huchukua mabomba kwa deni, na mkulima wa kahawa huwa na fedha baada ya kuuza kahawa yake, si wakati wa kupulizia. Sisi wa karafuu twaijua hali hiyo bila ya kufundishwa.

Akichelewa je? Sheria ya Ujerumani humpa muuzaji, mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, riba ya asilimia 9 kwa mwaka juu ya riba ya msingi itangazwayo na benki kuu yao kila tarehe 1 Januari na 1 Julai, tena na yuro 40 za usumbufu. Tuseme riba ya msingi ni asilimia 2, jumla 11. Akilipa tarehe 15 Desemba, amechelewa siku 45, na riba ya yuro 5,600 itakuwa kama yuro 76. Pamoja na zile 40 ni yuro 116. Si fedha za kumfilisi mtu. Kinachouma ni kwamba kuchelewa ndiko kunakofungua mlango wa lile sharti la milki.

Muhula ukipita, muuzaji anaweza kumpa mnunuzi muda mfupi wa mwisho, kisha akauvunja mkataba na kudai mali yake. Kwa sheria ya kwao hawezi kudai arudishiwe mali kabla hajauvunja mkataba, na akiuvunja hana tena haki ya bei. Atazirudisha zile yuro 2,400, akikata hasara zake. Hawezi kuchukua mabomba na fedha vyote viwili. Wala wakala wake hana ruhusa ya kuvunja kufuli la ghala Kigonsera. Mwenye duka akikataa, njia ni mahakama.

Tuseme siku hiyo mabomba 120 yamekwisha kuuzwa na 80 yako ghalani. Bwana wetu alikuwa na hesabu yake tayari: arbuni ya yuro 2,400 ni bei ya mabomba 60, basi katika yale 80, 60 ni yangu na 20 ndiyo yao. Hesabu ni nzuri lakini sharti halikusema hivyo. Lilisema mpaka bei yote ilipwe. Fedha iliyotangulia imepunguza deni. Haikukomboa hata bomba moja. Yote 80 ni ya muuzaji.

Na yale 120 yaliyouzwa? Hayo yamekwenda. Karatasi yenyewe ilimruhusu mnunuzi kuuza katika biashara yake ya kawaida, na hata isingemruhusu, sheria yetu humlinda anayenunua kwa nia njema kutoka kwa mwenye duka aliyepewa mali na muuzaji. Mtu wa Lituhi aliyenunua bomba lake asiwe na wasiwasi. Ila muuzaji hakuachia hapo. Mstari uliofuata ulisema kwamba fedha zitokazo katika mauzo hayo, na madeni ya wateja, ni yake pia.

Sharti la namna hii lilipata sifa kubwa Uingereza mwaka 1976, katika kesi ya kiwanda cha Kiholanzi kilichoiuzia kampuni ya Romalpa karatasi za aluminiamu. Romalpa ilianguka ikiwa na deni la zaidi ya pauni 120,000. Mahakama ya Rufani iliwapa Waholanzi karatasi zilizokuwa hazijatumika, tena na kama pauni 35,000 zilizotokana na karatasi zilizouzwa, kwa kuwa fedha hizo zilikuwa zimewekwa mbali. Benki na wadai wengine hawakuzigusa. Tangu hapo mahakama za Kiingereza zimekuwa zikiendelea kulikubali dai la mali yenyewe, lakini dai la fedha za mauzo mara nyingi zimelihesabu kuwa ni rehani, ambayo kwa kampuni haina nguvu dhidi ya mfilisi isiposajiliwa. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya sharti ni ya chuma, na ya pili inategemea.

Hatari kubwa ya Kigonsera, kwa maoni yetu, haiko Ujerumani. Bwana huyo alikuwa akifikiria kukopa benki ili alipe zile yuro 5,600, na kuweka rehani bidhaa za ghalani. Hapo angeweka rehani mali isiyo yake. Afisa wa benki angekuja kuhesabu mabomba, angeyaandika, kisha angetokea mtu mwingine na karatasi ya Kijerumani kuyadai. Mkopaji angejikuta kati ya wadai wawili, na mmoja akimwita mwongo. Yafaa kumwambia mwenye benki mapema kwamba mzigo fulani, wa ankara fulani, haujawa wangu bado. Na mabomba hayo yawekwe upande wao, namba ya ankara ikiandikwa juu ya maboksi. Yakichanganyika na mengine, mdai atakapokuja patakuwa na ugomvi hata juu ya yale yaliyolipiwa.

Liko neno moja la mwisho, nalo ndilo tungelipigania kuliko yote. Karatasi ilisema milki haitahama mpaka mnunuzi amalize "madeni yote yatokanayo na biashara baina yao". Mwaka jana alikuwa ameletewa vipuri vya yuro 300 ambavyo nusu yake vilifika vimevunjika, akakataa kulipa, na shauri hilo halijaisha. Kwa maneno hayo, hata akilipa yuro 8,000 zote za mabomba, mabomba bado si yake kwa sababu ya vile vipuri.

Masharti ya jumla si Msahafu. Muuzaji huyaandika kwa ajili ya watu wote, na barua ya mapatano iliyotiwa saini na pande mbili hupita juu yake, mradi ipatikane kabla ya arbuni kutumwa. Tulimsaidia kuandika mambo matatu: kwamba siku 60 zihesabiwe tangu mzigo ufike bandari ya Dar es Salaam, kwamba milki ibakizwe kwa bei ya ankara hiyo tu, si kwa madeni mengine, na kwamba kila anapolipa, mabomba yenye thamani ya fedha hizo yawe yake.

Kiwanda kilijibu baada ya siku 9. La pili walilikubali. La tatu walilikataa. La kwanza walikutana katikati: siku 60 tangu tarehe ya hati ya shehena, na malipo yahesabiwe siku fedha zinapoingia katika hesabu yao, gharama za benki zikiwa juu ya mnunuzi. Kwa mfano wetu hilo laongeza siku 7, basi atakuwa na siku 9 badala ya 2. Amesema hazimtoshi, na ameagiza mabomba 80 badala ya 200.