Ukingo laini wa picha iliyokatwa

Ukikata picha ya mtu na kuondoa ukuta mweupe nyuma yake, kazi ngumu ni nywele. Pikseli moja ya ukingoni hubeba nusu unywele, nusu ukuta. Ukiibakiza au kuifuta nzima, ukingo unakuwa na meno kama msumeno.

Faili la PNG linaweza kuipa kila pikseli namba ya nne juu ya zile tatu za rangi: alfa. 0 haionekani kabisa, 255 imeziba kabisa, na 128 huchanganya karibu nusu kwa nusu na kilicho nyuma.

Lakini alfa peke yake haitoshi. Tuseme weusi wa unywele ni 20 na ukuta ni 255. Kamera imerekodi mchanganyiko, takriban 138. Ukiiweka pikseli hiyo kwa alfa 128 juu ya mandhari meusi ya 40, unapata 89, na kichwa kinazungukwa na utepe mweupe. Dawa ni kurudisha rangi iwe 20 huku alfa ikibaki 128. Jibu ni 30. Jaribu kila mkato juu ya rangi nyeusi, kwani juu ya nyeupe kosa hilo hujificha.