Mtu Asiyekuwa na Mpigo

Ungemshika Peter Houghton kifundo cha mkono ili kuhesabu mapigo ya moyo wake, huenda usingepata cha kuhesabu. Damu ilikuwa ikipita mwilini mwake kama maji ya bomba lililofunguliwa: bila kukatika, bila kudunda. Houghton, mkazi wa Birmingham, Uingereza, aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka saba. Alitembea, aliandika, alisafiri, na kila alipotoka nyumbani alihakikisha kwanza kwamba betri zake zina chaji.

Hadi mwaka 2000 moyo wake ulikuwa umetanuka na kulegea kiasi cha kushindwa kusukuma damu ya kutosha. Pumzi ilimkata kwa hatua chache tu, na madaktari walimwona hafai kupandikizwa moyo wa mtu mwingine. Mwezi Juni mwaka huo, mpasuaji Stephen Westaby wa Hospitali ya John Radcliffe mjini Oxford alimwekea pampu iitwayo Jarvik 2000, yenye ukubwa wa kidole gumba. Kabla yake, pampu ya aina hiyo ilitumika kumvusha mgonjwa hadi moyo wa kupandikizwa upatikane. Yeye alikuwa wa kwanza kuwekewa iwe yake ya maisha.

Pampu haichukui nafasi ya moyo. Moyo unabaki palepale, na pampu inashonewa kwenye chumba chake cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima. Damu inaingia kwenye pampu, gurudumu dogo linaizungusha kwa kasi, kisha inapita katika mrija hadi kwenye aota, mshipa mkuu. Tofauti yake na moyo ni kama tofauti ya bomba la mkono la kisimani, linalotoa maji kwa mikupuo, na mota ya umeme inayoyatoa mfululizo. Ndiyo maana mpigo hupotea au hufifia sana. Katika HeartMate 3, pampu inayotumika zaidi siku hizi, gurudumu huelea kwa nguvu ya sumaku bila kugusa ukuta na huzunguka mara 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Kwa kuwa hakuna vyuma vinavyosuguana, damu haigandi ndani yake kwa urahisi kama ilivyokuwa katika pampu za awali.

Nani basi hupelekwa kwa wataalamu wa tiba hii? Hapa ndipo wengi hupotezwa, kwa sababu daktari husubiri mno. Chukua mfano wa mama wa miaka 34 ambaye moyo wake ulidhoofika baada ya kujifungua, ugonjwa unaofahamika sana katika hospitali za Afrika Mashariki. Amelazwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Dawa ya kukojoza maji imeongezwa dozi, lakini miguu bado inavimba. Dawa zilizomsaidia mwanzoni sasa zinamshusha presha chini ya 90, hivyo zimepunguzwa. Vipimo vinaonyesha figo zimeanza kuchoka. Anakaa na kuzungumza vizuri, na nduguze wanamwona ana nafuu, lakini kila moja ya dalili hizo ni sababu ya kumpeleka kwa bingwa wa moyo ulioshindwa. Akisubiriwa mpaka awe hawezi kuishi bila dawa ya dripu, na ini na figo vimeharibika, huenda mwili usihimili upasuaji wenyewe.

Akifika huko, mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa hadi upande wa kulia wa moyo. Kipimo hiki huamua mengi. Presha ya mishipa ya mapafu ikiwa juu na haishuki kwa dawa, moyo mpya hauwezi kupandikizwa, kwa sababu upande wake wa kulia, ambao haujazoea mzigo huo, utashindwa mara moja. Ajabu ni kwamba pampu ikimsaidia mgonjwa kwa miezi kadhaa, presha hiyo mara nyingi hushuka, na mlango wa upandikizaji hufunguka. Pampu nayo ina sharti lake: inasaidia kushoto tu. Upande wa kulia ukiwa umechoka sana, pampu haitapata damu ya kusukuma.

Upandikizaji wenyewe ulianzia Afrika, tarehe 3 Desemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Christiaan Barnard alimwekea Louis Washkansky moyo wa Denise Darvall, msichana aliyegongwa na gari. Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa nimonia, kwani dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimeuacha bila kinga. Leo, nusu ya wanaopandikizwa huishi zaidi ya miaka kumi, wakimeza dawa hizo kila siku. Mioyo ya kutolewa ni michache, na moyo ukihifadhiwa kwenye barafu unapaswa kupandikizwa ndani ya saa nne hivi. Kwa hiyo wengi huvushwa na pampu, na wengine hubaki nayo.

Maisha ya pampu yanazunguka waya mmoja. Waya huo hutoka tumboni kupitia ngozi hadi kwenye kidhibiti, kisanduku kinachovaliwa kiunoni na kuunganishwa na betri mbili. Betri mpya mbili za HeartMate 3 hudumu hadi saa 17. Hubadilishwa moja baada ya nyingine. Zote mbili haziondolewi kwa pamoja hata siku moja. Usiku mgonjwa hulala akiwa ameunganishwa na umeme wa ukutani, na nyumba yenye umeme wa kubahatisha haitoshi. Houghton hakuwa na waya wa tumboni: wake ulipita shingoni hadi kwenye tundu la titani lililokazwa kwenye fuvu nyuma ya sikio, mahali ambapo ngozi ina damu nyingi na haishikwi na vijidudu upesi.

Tundu la waya ndilo adui wa kila siku. Mwenye pampu hasogelei bahari wala bwawa la kuogelea. Kidonda husafishwa kwa mikono yenye glovu tasa, na waya hufungwa usivutwe. Wekundu, usaha au maumivu ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kisha kuna warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kipimo cha INR hulengwa kati ya 2 na 3: kikishuka, damu inaweza kuganda na kuleta kiharusi, kikipanda, mgonjwa anaweza kutokwa damu tumboni au puani. Presha hupimwa kwa mkanda na kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu, kwani mashine ya kawaida mara nyingi haioni kitu. Presha ikipanda mno, pampu husukuma damu kidogo.

Familia nayo hufundishwa. Mwenye pampu akianguka, kukosa mpigo si ushahidi kwamba amekufa. Hutazamwa kama anapumua na rangi ya ngozi yake, sikio huwekwa kifuani kusikiliza mvumo wa pampu, na waya na betri hukaguliwa kabla ya kitu kingine. Kengele ya kidhibiti ikilia mfululizo, huenda umeme umekatika au waya umechomoka.

Houghton alifariki Novemba 2007. Viungo vyake vingine ndivyo vilivyoshindwa. Pampu ilikuwa bado inazunguka.