KUIGEUZA AYA YA NASAHA KUWA ORODHA YA KUTIA ALAMA

Matangazo mengi ya nasaha yanayobandikwa katika ofisi, shuleni na madikoni huandikwa kwa aya moja ndefu. Msomaji huisoma mara moja, huikubali, na huondoka. Siku ya kazi inapofika, aya ile haipo mbele yake, na hata ingekuwepo isingemfaa sana, kwa kuwa mambo ya jana, ya leo na ya kesho yamo humo yamechanganyika. Maelezo yanayofuata yanawahusu maofisa wanaoandika matangazo ya namna hiyo, pamoja na wananchi wanaopenda kujitengenezea orodha zao wenyewe. Yanaonyesha jinsi aya moja inavyoweza kuvunjwa na kupangwa upya kwa hatua za kazi, kila jambo likiwa na kisanduku chake cha kutia alama.

Mfano uliochaguliwa ni wa boti ndogo ya uvuvi yenye mashine ya nje na tangi la mafuta la pembeni. Tuseme tangazo limeandikwa hivi:

"Wavuvi wanashauriwa kuhakikisha kuwa mafuta yanatosha na kwamba tundu la hewa la kifuniko cha tangi limefunguliwa. Ni vyema kusikiliza utabiri wa hali ya hewa na kumwarifu mtu wa nyumbani. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha. Mashine iangaliwe kama inatoa maji ya kupozea, na baada ya safari isuuzwe kwa maji matamu. Kizibo cha chini ya boti kikazwe. Nahodha ajifunge kamba ya kuzimia mashine. Zichukuliwe plagi za akiba, tochi, makasia na nanga. Wavuvi wawe waangalifu wakati wote."

Hakuna neno la uongo katika aya hiyo. Kasoro yake inaonekana katika sentensi ya kwanza kabisa. Mafuta na tundu la hewa vimewekwa pamoja kwa sababu vyote viwili ni habari za tangi. Lakini mafuta hupimwa jioni, nyumbani, wakati bado ipo nafasi ya kununua mengine. Tundu la hewa haliwezi kufunguliwa jioni ile, kwani tangi litabebwa begani au kwa baiskeli mpaka ufukweni na mafuta yatamwagika. Ni lazima libaki limefungwa mpaka tangi litulie ndani ya boti. Anayefuata mpangilio wa aya, akishapima mafuta, hudhani jambo la tangi limekwisha.

Matokeo yake hayaonekani papo hapo, na hapo ndipo hatari ilipo. Mashine huwaka vizuri, kwani mafuta yamo katika mpira wake. Boti huondoka. Kadiri mafuta yanavyovutwa bila hewa kuingia nyuma yake, tangi hubanwa, lile tufe la mpira la kusukumia mafuta hunywea kama limekamuliwa, na baada ya muda mfupi mashine hufa. Mara nyingi wakati huo boti imeshatoka nje ya mwamba, na mkondo unavuta. Nahodha mzoefu akiliona tufe limenywea hulifungua tundu na kuendelea na safari. Asiye mzoefu huanza kufungua plagi huku boti ikichukuliwa na maji.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuivunja aya katika vitendo, kitendo kimoja kwa mstari mmoja. Aya hii inatoa vitendo kumi na vitatu. Sentensi ya mwisho haimo katika hesabu hiyo. "Wawe waangalifu wakati wote" si kitendo. Hakuna mtu atakayesimama ufukweni na kuweza kusema kuwa jambo hilo limekwisha kufanywa. Sentensi za namna hii zifutwe bila ya huruma, hata kama zimeandikwa na mkubwa wa ofisi. Maelezo ya sababu, kama yale ya tangi kubanwa, yabaki katika kipeperushi cha mafunzo.

Kazi ya pili ni kukiuliza kila kitendo swali moja: ni wapi mwisho wa kukifanya bila ya kupata hasara? Jibu la swali hilo ndilo linalozaa hatua. Katika safari ya boti ipo milango mitatu ambayo mtu akishaipita kurudi nyuma ni tabu: kuondoka nyumbani, kuishua boti, na kuyaacha maji ya kina kifupi ambamo kasia bado linagusa chini. Ongezeko la nne ni kurudi. Mwandishi wa orodha huvutiwa sana kupanga kwa aina ya vitu: mashine peke yake, watu peke yao, vifaa peke yao. Mpangilio huo ni mzuri kwa ghala. Kwa safari haufai, kwani fungu la "mashine" lingemlazimisha nahodha alirudie mara nne katika siku moja, na kila mara aruke mistari ambayo wakati wake haujafika. Orodha ikishamzoesha mtu kuruka mistari, imekwisha kazi yake.

Kazi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Kila mstari uandikwe kama hali inayoonekana kwa macho au kupimika, ili jibu liwe ndiyo au la. "Mafuta yanatosha" ni maoni. Manahodha wengi duniani hufuata kanuni ya thuluthi: thuluthi moja ya kwendea, moja ya kurudia, na moja ya akiba. Tuseme mashine hula lita 5 kwa saa kwa mwendo wa kawaida wa nahodha huyo, na mahali pa kuvulia ni mwendo wa saa moja. Kwenda ni lita 5, kurudi ni lita 5, akiba ni lita 5. Jumla lita 15. Katika mstari ziachwe nafasi mbili za kujazwa, lita zinazohitajika na lita zilizomo. Mtu akiandika 15 na kisha 11, hakuna haja ya onyo jingine. Vivyo hivyo kwa majaketi: idadi ya watu iandikwe kando ya idadi ya majaketi yaliyovaliwa, si yaliyopakiwa.

Aya ile, baada ya kufanyiwa kazi hizo, imekuwa hivi:

JIONI, NYUMBANI
[ ] Utabiri umesikilizwa. Hakuna tahadhari ya upepo mkali wala mawimbi makubwa
[ ] Mafuta: zinahitajika lita ____, zimo lita ____
[ ] Plagi za akiba na spana yake zimo mfukoni
[ ] Tochi imewashwa ikawaka
[ ] Mtu wa nyumbani (jina ________) ameambiwa mahali pa kuvulia na saa ya kurudi

UFUKWENI, KABLA YA KUSHUA
[ ] Kizibo cha chini kimekazwa
[ ] Makasia mawili yamo
[ ] Nanga imo, na kamba yake imefungwa
[ ] Watu ____. Majaketi yaliyovaliwa ____
[ ] Tundu la hewa la tangi limefunguliwa

MAJI YA KINA KIFUPI, KABLA YA KUONDOKA
[ ] Kamba ya kuzimia mashine imefungwa mwilini mwa nahodha
[ ] Mashine imewaka na inatoa maji ya kupozea

BAADA YA KURUDI
[ ] Mtu wa nyumbani ameambiwa kuwa boti imerudi
[ ] Tundu la hewa la tangi limefungwa
[ ] Mashine imesuuzwa kwa maji matamu

Msomaji makini ataona kuwa mistari imekuwa kumi na mitano. Miwili haikuwemo katika aya: kufunga tena tundu la hewa, na kumwarifu mtu wa nyumbani kuwa boti imerudi. Hakuna aliyeikumbuka mpaka hatua ya kurudi ilipopewa kichwa chake ikaonekana ina mstari mmoja tu. Mstari wa pili kati ya hiyo si mdogo. Mtu aliyeambiwa saa ya kurudi, asipopewa habari, ataita wasaidizi kuwatafuta watu waliokwishalala majumbani mwao. Na likitokea hilo mara mbili, mara ya tatu hataita mtu.

Hatua ya maji ya kina kifupi ina mistari miwili tu, na hapana ubaya wowote. Hatua si lazima zilingane. Mashine isipotoa maji ya kupozea ndani ya muda mfupi baada ya kuwashwa huzimwa hapo hapo, na boti hurudishwa kwa kasia. Mstari huo ungewekwa ufukweni ungekuwa wa bure, kwani mashine ikiwa nje ya maji haina maji ya kuvuta.

Wapo watakaouliza kama visanduku vya karatasi vinaweza kweli kuokoa roho. Jibu lipo, na lina pande mbili. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye mambo 19 katika hatua tatu: kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya ngozi kupasuliwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kuwa vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Lakini mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, ambako orodha kama hizo zilikuwa zimeanza kutumika. Huko haukuonekana upungufu wa vifo wa kutajika. Wengi waliolijadili jambo hilo walisema kuwa kutia alama ni kitu kimoja, na kusimama, kusoma kwa sauti na kujibizana ni kitu kingine.

Kwa boti, hilo lina maana ya wazi. Orodha isomwe na baharia, nahodha ajibu huku mkono wake ukiwa juu ya kitu kinachotajwa. Karatasi ifunikwe kwa plastiki na kufungwa kwa uzi karibu na tangi, si kuhifadhiwa kabatini. Kalamu ya kutia alama iwe ile isiyoyeyuka kwa maji ya chumvi.

Kabla ya kupigwa chapa, orodha ipelekwe dikoni na kupewa nahodha ambaye hakushiriki kuiandika. Mwandishi asimame pembeni asiseme neno. Nahodha akiuliza "hiki ndio nini?", mstari huo umeandikwa vibaya. Akirudi nyuma kwenye mstari alioupita, umewekwa pasipo pake. Na karatasi zikikusanywa baada ya wiki chache, zikaonekana alama zote kumi na tano zimetiwa kwa mkwaju mmoja kutoka juu mpaka chini, pamoja na zile za kurudi, basi zilitiwa kabla boti haijashuliwa, na kazi ianze upya kwa kuwauliza wenyewe ni mstari upi unaowachosha.