Kinywaji kichungu baada ya mlo mzito: chasaidia nini?

Ni Jumapili alasiri. Nyama choma imekwisha, ugali umebaki kipande, na wageni wameketi wakijishika matumbo. Ndipo shemeji aliyerudi likizoni kutoka Ulaya anapotoa chupa ya kioo cheusi na kummiminia kila mtu kiasi kidogo. "Kunywa," asema, "hii huyeyusha mafuta." Unaonja, uso unakunjamana kana kwamba umetafuna klorokwini, na baada ya dakika chache unahisi tumbo limetulia kidogo.

Wagonjwa kadhaa wameniuliza kuhusu vinywaji hivi, hasa wale walio na jamaa ng'ambo. Je, ni dawa au ni pombe tu? Na huo uchungu watoka wapi?

Desturi yenyewe ni ya zamani katika nchi za Ulaya. Waitalia huviita vinywaji hivi amaro, yaani chungu. Ni pombe iliyolowekwa mizizi, majani na maganda ya mimea, kisha ikatiwa sukari ili iweze kumezwa. Mfano mmoja ni Cynar ya Italia, ambayo ina majani ya atichoki na kiwango cha pombe cha asilimia 16.5. Mwingine ni Underberg ya Ujerumani, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1846, ambayo huuzwa katika vichupa vya mililita 20 na ina pombe asilimia 44. Hata hapa kwetu wazo la kuchanganya uchungu na nyama si geni. Wamaasai hutia magome ya mti wa olkiloriti katika supu ya nyama, tena bila tone la pombe.

Mzizi wa jentiani

Mmea unaotumiwa sana katika vinywaji hivi ni jentiani ya manjano, ambayo humea katika malisho ya milima ya Ulaya kama vile Alpi. Msomaji asiuchanganye na ile dawa ya zambarau ya GV ambayo watoto wachanga hupakwa mdomoni wakiwa na utando mweupe. Dawa hiyo hutengenezwa kiwandani, na ilipewa jina la jentiani kwa sababu tu rangi yake yafanana na maua ya aina nyingine za mmea huo.

Kinachotakiwa katika jentiani ni mzizi. Humo mna kemikali mbili chungu zinazofaa kujulikana. Ya kwanza huitwa jentiopikrosidi, nayo imo kwa wingi. Ya pili ni amarojentini. Hii ni kidogo mno, haifikii hata sehemu moja katika mia ya mzizi uliokaushwa, lakini ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya uchungu.

Ili msomaji apate picha, tuanze na kwinini ambayo wengi wetu tumewahi kuimeza. Chukua gramu moja ya kwinini, uiyeyushe katika maji ya pipa moja la lita 200. Mtu wa kawaida akiyaonja maji hayo bado atatambua kuwa ni machungu. Sasa chukua gramu moja ya amarojentini. Hiyo utahitaji kuiyeyusha katika lita 58,000, yaani karibu matangi sita ya lita 10,000 kama yale yanayowekwa nyuma ya majumba ya kupangisha, ndipo uchungu wake uanze kupotea ulimini. Ni miongoni mwa vitu vichungu zaidi vinavyopatikana katika mimea.

Mmea haukujitia uchungu huo kwa ajili ya tumbo letu. Ng'ombe wanaolisha katika milima hiyo huuruka, nao ukaendelea kumea kwa miaka mingi bila kuguswa.

Jani la atichoki

Atichoki ni jamaa ya mibaruti. Kinachopikwa na kuliwa ni kichwa cha ua kabla hakijachanua, nacho si kichungu sana. Uchungu umo katika majani makubwa ya shinani, ambayo mpishi huyatupa na mtengenezaji wa pombe huyaokota. Kemikali inayohusika huitwa sinaropikrini, na wachunguzi wamekadiria kwamba karibu asilimia 80 ya uchungu wa jani hilo yatokana nayo peke yake.

Mara nyingi watu huichanganya na kemikali nyingine ya atichoki iitwayo sinarini. Hiyo ina tabia ya ajabu: mtu akila atichoki kisha akanywa maji matupu, maji huonekana yana sukari. Sinarini hushikilia vihisio vya utamu katika ulimi na kuvizuia. Maji yanapoiosha, vihisio hivyo huzinduka kwa pamoja na kutoa habari ya utamu ambao haupo. Kwa hiyo mmea huo huo una kemikali moja inayoleta uchungu na nyingine inayodanganya ulimi.

Uchungu hufanya nini mwilini?

Binadamu ana aina zipatazo 25 za vihisio vya uchungu. Kazi yake ya asili ni kutuonya, maana sumu nyingi za mimea ni chungu. Kinapoguswa, kihisio hupeleka habari kwenye ubongo, mate huongezeka, na tumbo nalo huarifiwa lijitayarishe kwa kutoa asidi na majimaji ya kusagia chakula. Vihisio vya aina hiyo vimepatikana pia ndani ya tumbo na matumbo.

Hapo msomaji atagundua jambo moja. Ikiwa kazi ya uchungu ni kulitayarisha tumbo, basi wakati wake ni kabla ya kula. Ndiyo maana waganga wa Ulaya wanaotumia mzizi wa jentiani kwa watu wasio na hamu ya chakula huagiza unywewe kiasi cha nusu saa kabla ya mlo. Anayeunywa baada ya kumaliza kilo ya mbuzi amechelewa. Asidi tayari imemwagika.

Na pombe yenyewe je? Mwaka wa 2010 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliwalisha watu 20 wenye afya jibini iliyoyeyushwa, chakula chenye mafuta mengi sana, kisha wakapima kasi ambayo tumbo lilijitoa chakula hicho. Walipokunywa divai na pombe kali pamoja na mlo huo, tumbo lilichukua muda mrefu zaidi kuliko walipokunywa chai na maji. Watafiti wa Ujerumani nao walikuwa wametoa matokeo mwaka wa 2008 yaliyoonyesha kwamba pombe ya baada ya mlo haikuharakisha tumbo, wala kahawa kali haikufanya hivyo. Kilicholiharakisha ni kutembea.

Kwa hiyo mafuta hayayeyushwi na kile kichupa. Lakini nafuu uliyoihisi kwa shemeji si ndoto. Katika uchunguzi huo wa Zurich, pombe ilipunguza hamu ya kula. Mtu aliyekunywa kitu kichungu huweka uma chini na kuacha kuongeza kipande. Muda nao hupita, hewa hutoka, na tumbo hutulia kama ambavyo lingetulia hata bila chupa.

Atichoki ina ushahidi wake peke yake, lakini si katika pombe. Mwaka wa 2003 madaktari wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 247 waliokuwa wakisumbuliwa na tumbo kujaa na maumivu, ilhali hawakupatikana na kidonda wala ugonjwa mwingine. Waliopewa vidonge vya dondoo ya majani ya atichoki kwa wiki sita walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu. Dozi ilikuwa karibu gramu mbili za dondoo kila siku. Si kipimo unachoweza kukikadiria kwa glasi ya pombe baada ya chakula cha Jumapili.

Mama aliyechelewa

Kinachonihangaisha mimi kama daktari ni yale maumivu ambayo chupa hutumiwa kuyanyamazisha.

Alinijia mama mfanyabiashara wa miaka 46. Kwa miezi minne, kila alipokula nyama ya mafuta au chipsi, alishikwa na maumivu upande wa juu wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Yalianza saa moja hivi baada ya kula, yakapanda hadi bega la kulia, yakadumu saa mbili au tatu, kisha yakaisha yenyewe. Mwanawe alimletea kinywaji cha majani ya atichoki, naye akawa anakunywa glasi kila yalipoanza. Kwa kuwa maumivu yaliisha, aliamini kwamba ni kinywaji kilichoyamaliza.

Alikuja siku macho yalipogeuka manjano. Picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha mawe katika kibofu cha nyongo, na moja lilikuwa limeteleza na kuziba mrija. Alitibiwa hospitalini, kibofu kikatolewa, na sasa yu mzima.

Siwezi kusema kwamba kinywaji kilileta mawe, mawe yalikuwapo. Lakini kilimpotezea miezi minne. Isitoshe, atichoki huchochea ini kutoa nyongo, na hilo ndilo jambo usilotaka mrija wa nyongo ukiwa na kizuizi. Kwa sababu hiyo mwenye mawe ya nyongo au mrija ulioziba hapaswi kuitumia. Mwenye vidonda vya tumbo naye aepuke jentiani, kwani inaongeza asidi palipo na kidonda.

Basi jipime hivi. Kujaa kunakokuja siku ya karamu tu na kuisha kwa saa chache si ugonjwa. Ni hesabu ya ulichokula. Lakini maumivu yanayorudi mahali pale pale kila ulapo mafuta, yanayokuamsha usiku, au yanayoambatana na kupungua uzito, yataka uchunguzi. Homa pamoja na macho ya manjano, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au kubanwa kifua huku ukitokwa na jasho, ni mambo ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Asiye na matatizo hayo, na ambaye hunywa pombe, hatadhuriwa na kichupa kimoja cha karamu. Kile cha mililita 20 chenye asilimia 44 kina chini ya mililita tisa za pombe halisi, ilhali chupa ya nusu lita ya bia ya kawaida ina kama 21. Hesabu hubadilika mtu anapojimiminia glasi ya divai iliyojaa, akidhani ni dawa. Mjamzito, mtoto, dereva na mwenye ugonjwa wa ini wasionje kabisa.

Na shemeji akitoa chupa Jumapili ijayo, mwambie aifungue kabla nyama haijatoka jikoni. Baada ya kula, mwombe akusindikize mtembee hadi barabara kuu na kurudi.